Blandina na Karatasi za Mkono wa Piusi

Kama ulipita barabara ya Karatu kwenda Oldeani mwaka wa themanini na saba, halafu ukaniambia hukuiona Hoteli ya Mibunini, basi ama ulipita umelala ama ulipita umelewa. Ilikuwa nyumba ya mzungu wa kahawa wa zamani, paa jekundu, mabomba ya moshi mawili, na ubao mbele ulioandikwa kwa rangi tatu kwa sababu kila rangi ilikwisha kabla ya maneno. Watalii waliotoka kutazama faru wa kreta walilala pale, wakala nyama ya kondoo, wakasifu hewa, wakaondoka. Mwenye hoteli alikuwa Josephati, mtu wa kifua na sauti, ambaye akisalimia hapa mbwa wa Kansay wanabweka.

Ila leo habari si ya Josephati, ingawa yeye angependa iwe yake. Ni ya karani wake wa hesabu, Blandina.

Blandina alikuwa mwanamke mwembamba wa miaka thelathini, amesoma kwa masista mpaka kidato cha nne, anaandika tarakimu nzuri mpaka unatamani deni lako aliandike yeye. Uso wake haukusema kitu. Ukimpa habari ya harusi anasema, "Sawa." Ukimpa habari ya moto anasema, "Sawa," halafu anachukua ndoo. Zamani hakuwa hivyo. Zamani alikuwa anacheka na dada yake Marsela mpaka jikoni wanawafukuza. Lakini mwisho wa Februari Marsela alipelekwa hospitali kujifungua, akarudi ndani ya sanduku, na mtoto mikononi mwake. Tangu siku ile Blandina akawa kama mtu aliyekalia mguu wake mpaka ukafa ganzi: anaona mguu upo, anajua ni wake, akiugusa hausikii.

Marsela alikuwa mke wa Piusi, na Piusi ndiye mpokezi wa Hoteli ya Mibunini. Kwa hiyo mjane wa kiume na shemeji yake walifanya kazi chini ya paa moja, Piusi kwenye kaunta ya mbele, Blandina kwenye chumba cha nyuma chenye dirisha la kuangalia mibuni. Kati yao palikuwa na mlango mmoja. Baada ya mazishi mlango ule ulikuwa mpana kuliko bonde la Eyasi.

Hapa lazima nikueleze jambo, wewe uliyezaliwa mjini na unayedhani kila kitu kiko kwenye vitabu. Wairaqw wa zamani, wakifiwa namna ile, mama na mtoto kwa siku moja, hawakuchukulia mchezo. Aliyefiwa aliwekwa kando. Wanaita metimani. Hali chakula kwenye nyumba za watu, hapokezani kitu mkono kwa mkono, hachoti maji pamoja na wengine, mpaka muda upite na wazee wamtoe. Padre Patrisi alikuwa amehubiri juu ya jambo hilo miaka mingi, na watu walikuwa wamemwitikia amina miaka mingi, wakarudi nyumbani wakafanya wanachojua.

Na mama yake Blandina, bibi Lukresia, hakuwa mtu wa kubishana na padre. Alimwacha aseme, halafu yeye akasema la mwisho.

"Wewe mwanangu," alimwambia Blandina wiki ya mazishi, "mimba mbili zimeshakutoka. Ukipokea kitu mkononi mwa Piusi kabla hajatolewa, na hii ya tatu usinililie."

"Sijasema nina ya tatu, mama."

"Mimi nina macho. Na hata kama huna, utakuwa nayo."

Alikuwa nayo, kweli. Changa mno, hata mumewe alikuwa hajaambiwa. Blandina alisema, "Sawa."

Sasa sikiliza jinsi pesa zilivyotembea pale hotelini, maana hapa ndipo mkia wa habari ulipoanzia. Mgeni akilipa noti, Piusi aliziweka kwenye droo yenye kufuli, na jioni Josephati mwenyewe alifungua, akahesabu huku akilamba kidole, akamwandikia Blandina jumla. Noti zilipita mkononi mwa tajiri. Lakini mgeni akitaka kulipa kwa kadi, Piusi alitoa ile mashine nzito ya chuma ambayo wafanyakazi waliiita pasi. Unalaza kadi, unaweka juu yake karatasi zenye kaboni, unapitisha mpini kwenda na kurudi, kraa, kraa, namba za kadi zinajichapa. Mgeni anatia sahihi. Nakala moja anachukua yeye. Ya pili inaingia bahasha ya kwenda Nairobi, kwenye ofisi ya kampuni ya kadi, na dereva Kisioki anaipeleka posta Arusha. Ya tatu ni ya hoteli: Piusi anaibana pamoja na bili ya mgeni, anavuka ule mlango, anampa Blandina, naye anaiingiza kwenye mauzo ya siku. Mwisho wa mwezi anajumlisha noti na kadi, anajaza fomu ya kodi ya mauzo, Josephati anatia sahihi bila kusoma kwa sababu kusoma kunamletea kiu.

Asubuhi ya kwanza Piusi kurudi kazini alivuka mlango na karatasi zake kama kawaida. Blandina alitazama ule mkono. Mkono wa kawaida, wenye kovu la jembe kwenye kidole gumba. Akairudisha mikono yake mapajani.

"Shemeji," alisema, "ziweke tu mahali. Nitazichukua ukishatolewa."

Piusi hakuuliza. Alitoka. Nyuma ya kaunta palikuwa na kopo kubwa la biskuti aliloachiwa na mgeni, lenye picha ya malkia aliyechubuka pua. Akaziweka humo. Na siku iliyofuata, humo. Na iliyofuata.

Blandina alidhani ni wiki tatu. Lakini kumtoa mtu kunataka kondoo, kunataka pombe ya asali, kunataka wazee wasiogombana. Mwezi wa nne mvua ikakata barabara. Wa tano wazee wakagombana. Wa sita kondoo wa bibi Lukresia akaliwa na fisi, naye akasema ni ishara, na Josephati akasema ni uzembe wa zizi. Kopo likawa linajaa. Mwisho wa kila mwezi Blandina alikaa mbele ya fomu, akaandika jumla ya noti, akafika kwenye kadi, akatazama mibuni dirishani. Alijua kabisa kuna kopo. Alijiambia ataongeza mwezi ujao. Kalamu ikaruka mstari. Hakuona woga wala haya. Aliona tu kwamba mibuni inataka kupogolewa.

Na Josephati? Kodi ilipungua, akamshukuru Mungu. Taarifa za malipo zilikuja kutoka Nairobi, akazitia kwenye droo ya mezani pamoja na dawa za minyoo ya ng'ombe. Benki Arusha pesa ziliingia, akafurahi. Hakuuliza vipi furaha mbili zimemkuta mwezi mmoja.

Mwezi wa nane akaja Bwana Lomayani.

Alishuka kwenye Landrova ya serikali, Mwarusha mrefu mwenye masikio yaliyotogwa zamani na tai iliyokazwa leo, mkaguzi wa kodi ya mauzo. Alikataa chai, na hapo Josephati akajua mambo si mazuri, maana hajawahi kuona mtumishi wa serikali anayekataa chai ya bure na mandazi.

"Mzee Josephati," alisema, akiweka begi mezani, "enzi hizi kila dola inayoingia nchini ina barua yake benki. Wewe dola zako zinaingia. Nataka tuzitazame pamoja na fomu ulizotuletea."

"Tazama! Mimi ni mtu msafi kama maji ya Endoro!"

"Maji tutayachemsha kwanza," alisema Lomayani.

Wakamwita Blandina. Alileta daftari lake la mauzo, bili, na ile droo ya dawa za minyoo, akaketi. Mimba sasa ilikuwa inaonekana kwa yeyote anayetaka kuona. Lomayani alipanga karatasi mafungu mafungu. Hakuwa mtu wa kelele. Alifanya kazi kama mtu anayechambua mchele.

Kwanza akaweka taarifa za kampuni ya kadi kando ya taarifa za benki. Zilizoingia benki zilikuwa pungufu kidogo kila mara.

"Hiyo ni kamisheni yao," Josephati akadakia. "Wananikata kila bili, wanyonyaji! Kwa hiyo mauzo yangu ni kile kilichofika, si ndiyo?"

"Siyo. Mgeni ametia sahihi ya bili nzima. Mauzo ni bili nzima. Kamisheni ni gharama yako, kama mkaa."

"Mkaa sikatwi kabla sijaupata!"

"Mzee, andika malalamiko. Tuendelee."

Akatoa malipo yaliyofika Machi kwa bili za Februari, maana hizo ni mauzo ya Februari. Akaongeza bili za mwisho wa Julai ambazo pesa zake zilikuwa bado njiani. Akageuza dola kuwa shilingi kwa bei ya benki ya kila tarehe. Akatoa hata zile bakshishi ambazo wageni waliandika wenyewe chini ya bili, baada ya kuona wapishi walizitilia sahihi. Alikuwa anatenda haki, bwana, lazima mtu apewe chake. Kila alichotoa, Josephati alipumua; kila alichorudisha, Josephati alikohoa.

Kisha akaacha kalamu.

"Januari, sawa. Februari, sawa kabisa, senti kwa senti. Nimesema moyoni, karani wa hapa ni mzuri." Alimtazama Blandina. "Kuanzia Machi mpaka Julai, kwenye daftari lako hakuna kadi. Hata moja. Ofisi ya Nairobi inasema mmewatumia karatasi za wageni kila mwezi. Na hizi bili zako namba zinaruka. Mia nne na sita, halafu mia nne na tisa. Nane na saba wamekwenda wapi?"

Blandina alitazama zile namba. Aliwajua hao wawili. Wazee wa Kijerumani waliokula ugali kwa uma.

Akaweka kidole palipokosekana namba.

Josephati akageuka mwekundu, kama mtu mweusi anaweza, na Josephati aliweza. Akapiga meza.

"Piusi! Ni yule Piusi! Tangu afiwe amekuwa kama kinyago. Amekula pesa zangu!"

"Hawezi kuzila," alisema Lomayani. "Pesa ya kadi haipiti mkononi mwake. Inatoka Nairobi, inaingia akaunti yako. Aliyekula ni wewe, mzee, na serikali haijala."

Hata mandazi yalionekana yametishika.

"Basi amezificha karatasi," Josephati akasema, sasa kwa sauti ya chini, ile mbaya zaidi. "Amenifichia ili mimi nionekane mwizi. Huyu leo anaondoka. Kazi hana, nyumba hana. Nitampeleka polisi Karatu akaeleze huko. Bwana Mkaguzi, andika: hoteli ilihujumiwa na mpokezi."

"Nikiandika hivyo, nitahitaji ushahidi. Nisipopata maelezo kabisa, nitaandika kwamba mauzo yalifichwa kwa makusudi. Hapo ni mahakama, na leseni yako sijui."

"Ushahidi ni huyu karani! Blandina, si ulikuwa unamwomba karatasi hakupi? Sema!"

Nyumba ya Piusi ilikuwa ile ya pili kwenye mstari wa wafanyakazi, nyuma ya banda la jenereta. Ndani yake walilala Martini na Namelok, watoto wa Marsela. Namelok alipewa jina la Kimasai na jirani aliyemsaidia mama yake kumzaa njiani kule Oloipiri, nalo lina maana ya utamu. Kila asubuhi walipita dirishani kwa Blandina wakienda shule, na kila asubuhi aliwatazama migongo. Hakuwa ameingia nyumba ile tangu Februari.

"Mwiteni Piusi," alisema.

Piusi alikuja na kopo. Hakuna aliyemwambia alete kopo. Alikuja nalo kifuani kama mtu aliyebeba mtoto wa mwenzake, akaliweka sakafuni, akasimama mlangoni, asivuke.

"Ndani kuna nini?" Lomayani akauliza.

"Karatasi za kadi, mzee. Na bili zake. Tangu Machi."

"Na kwa nini ziko kwenye biskuti?"

Piusi alimtazama mkaguzi, halafu akatazama ukuta. "Zilikuwa zinasubiri," alisema.

"Zinasubiri nini?"

"Zamu yao."

Josephati akacheka kama anayekabwa. "Mmesikia? Anaongea kama mganga!"

Lomayani hakucheka. Alifunua kopo. Mle ndani zilipangwa kwa tarehe, mwezi kwa mwezi, zimefungwa kwa uzi wa katani, hazina hata doa la chai. Akageuza chache, akarudisha. Unaweza kusoma kitu usoni mwa mtu wa kodi mara moja kwa miaka kumi, na hii ilikuwa mara hiyo.

"Basi tutafanya hivi," alisema. "Piusi, wewe uliyezitoa, utasoma tarehe, namba ya bili na kiasi, kisha utampa karani. Karani atahakikisha kwenye daftari lake kwamba haimo, ataiandika. Mimi nitaitafuta kwenye taarifa ya Nairobi, nitatia alama. Tukimaliza tutajua tundu limezibika au bado liko wazi. Ketini."

Piusi aliketi. Blandina alikuwa mbele yake, meza ya mninga katikati. Dirisha lilikuwa wazi na upepo wa Oldeani wa mwezi wa nane, unaoujua mwenyewe, ulikuwa unapekua kila kitu.

"Tarehe mbili Machi," Piusi alisoma. "Bili mia nne na saba. Dola arobaini na nne."

Halafu akailaza karatasi juu ya meza, akaisukuma kwa rula mpaka upande wa Blandina, akaondoa rula. Blandina akaichukua mezani.

"Ipo," alisema Lomayani, akatia alama.

"Tarehe mbili Machi. Bili mia nne na nane. Dola thelathini na tisa."

Rula. Meza. Blandina.

Ya tatu upepo ukaichukua. Josephati akaikamata hewani kama nzige, akatukana. Ya tano ikaenda chini ya kabati. Lomayani alipiga magoti na tai yake kuitafuta, akarudi na utando wa buibui sikioni.

"Bwana wee," alisema, "hiyo rula ya nini? Mpe mkononi!"

Piusi aliganda na rula yake.

"Si ana mikono? Mpe mkononi tumalize, mimi nalala Arusha leo."

Blandina aliona kwamba Piusi hatasema. Angeweza kuulizwa mpaka kesho, angeweza kufukuzwa na kupelekwa polisi na watoto wake kwenda kulala stendi, asingesema, kwa sababu kusema kungekuwa kumtaja yeye na mama yake, na kumtaja Marsela, na Piusi alikuwa hajalitaja jina hilo tangu azikwe. Alimlinda kwa rula. Miezi mitano alimlinda kwa kopo. Blandina aliyaona hayo yote kwa uwazi, kama mtu anavyoona samani ndani ya chumba baridi. Alingoja kusikia kitu moyoni. Hakusikia.

"Mimi ndiye niliyekataa kuzipokea," alisema.

"Ulikataa?" Josephati akainuka.

"Yuko kwenye metimani. Mke wake alikuwa dada yangu. Nilimwambia aweke pembeni mpaka atolewe. Hajatolewa bado. Kila mwezi nilijua zipo, nikaandika fomu bila hizo. Piusi hakuficha. Mzee Josephati naye hakujua, kwa sababu hasomi."

"Mimi nasoma!"

"Hasomi," Blandina akarudia, bila ubaya, kama anaeleza hali ya hewa.

Lomayani alivua miwani. Kwao Waarusha pia kuna mambo yao, hawezi kujifanya mgeni wa Ulaya. Alitazama tumbo la Blandina, akatazama rula, akaelewa kwa nini rula.

"Umesoma wapi, dada?"

"Kwa masista."

"Na masista walisemaje juu ya hili?"

"Walisema ni giza. Mama alisema ni mimba ya tatu."

Hapo hata Josephati alikaa.

"Sikulazimishi," Lomayani alisema, polepole. "Naweza kuzipokea mimi, nikupe wewe. Itachukua muda zaidi, basi."

Ilikuwa njia nzuri. Mtu mwenye akili angeichukua, na Blandina alikuwa na akili. Lakini alikuwa amemtazama Piusi, na Piusi alikuwa ameshika karatasi inayofuata kwa pembe, mbali na mwili wake, kama mtu aliyeshika panya aliyekufa. Na yule panya alikuwa yeye mwenyewe, mkono wake mwenyewe. Miezi mitano alikuwa akishika kila kitu namna hiyo. Kikombe chake, hivyo. Shati la mwanawe, hivyo.

Blandina alinyoosha mkono juu ya meza, kiganja juu.

"Soma, shemeji."

"Blandina, acha."

"Soma."

"Tarehe sita Machi." Akaisogeza rula kando. "Bili mia nne na kumi na tano. Dola sitini na moja."

Akampa. Vidole viligusana kidogo, kile chenye kovu na cha kwake chenye wino. Karatasi ilikuwa karatasi. Mkono ulikuwa mkono, wenye baridi. Ndani ya tumbo hakuna kilichotikisika, wala hakuna kilichoacha. Blandina alitazama daftari, akaona haimo, akaiandika.

"Ipo," alisema Lomayani.

Waliendelea hivyo mpaka kivuli cha bomba la moshi kikafika kwenye mibuni. Soma, pokea, andika, ipo. Machi ilikwisha, Aprili na Mei zikapita haraka maana wageni walikuwa wachache kwenye matope, Juni ikaleta fungu nene na Julai nene zaidi. Ndani ya kopo palibaki vumbi la biskuti, na nje malkia na pua yake iliyochubuka. Kila mstari wa taarifa ya Nairobi ulikuwa na alama yake, na kila namba ya bili iliyoruka ilikuwa imerudi mahali pake. Fomu zilipungukiwa na hizi karatasi tu, hazikupungukiwa na zaidi.

Lomayani alijumlisha mara mbili.

"Tundu limezibika," alisema. "Sasa mzee, haya ni mauzo yako, hayakutangazwa, utalipa kodi yake yote, na adhabu ya kuchelewa juu. Hilo halina huruma. Lakini mtu anayeficha mauzo anachoma karatasi. Hazipangi kwa tarehe akazifunga uzi. Nitaandika zilivyoachwa na zilivyopatikana, na kwamba sioni makusudi ya kuficha. Mkubwa wangu Arusha ataamua, ila mimi ndivyo nitakavyoandika."

"Na sababu?" Josephati akauliza. "Utaandika ati kwa sababu ya msiba?"

Lomayani alifikiri. "Nitaandika kwamba karatasi hazikufika kwa karani. Ni kweli."

Safari hii aliinywa chai. Alikula na mandazi manne, kwa hiyo msimwone mtakatifu.

Arusha ikaamua alivyoandika. Josephati alilipa, akalia wiki nzima mpaka ng'ombe wakapungua maziwa, na leseni ikabaki. Hakumfukuza Piusi, angepata wapi mpokezi mwingine anayejua Kijerumani cha salamu? Lakini Blandina, Josephati alimwondoa kwenye hesabu. Alimpeleka chumba cha kufulia, kuhesabu mashuka, kwa mshahara pungufu. Alimwambia kwa hotuba ndefu yenye mifano. Blandina alisikiliza mpaka mwisho, akasema, "Sawa," akaacha funguo mezani.

Lakini hiyo ilikuja baadaye. Siku ile ya ukaguzi, Landrova ilipoondoka, alifunga kile chumba cha nyuma, akapita nyuma ya banda la jenereta, akasimama mbele ya nyumba ya pili. Bibi Lukresia alikuwa barabarani na mzigo wa kuni, akamwona. Akaita. Akaita tena, kwa Kiiraqw, maneno ambayo siyaandiki hapa kwa sababu na mimi nina mama.

"Mama," Blandina alijibu bila kugeuka, "nimeshapokea. Karatasi nyingi. Ya leo ikinidhuru imeshanidhuru."

Akabisha, akaingia.

Namelok alikuwa anamenya viazi na alimtazama kama unavyotazama mtu uliyemsahau. Martini akainuka kwenye kigoda akamwachia. Kanga ya Marsela ilikuwa bado kwenye msumari. Piusi alikuwa amesimama karibu na jiko na mikono yake haijui iende wapi.

"Chai ipo, shemeji?" Blandina akauliza.

"Haina maziwa."

"Nipe hivyo hivyo."

Piusi akammiminia kwenye kikombe cha bati. Akasita, akatazama meza, tabia ya miezi mitano. Kisha akamnyooshea. Blandina akakipokea, akanywa, na ilikuwa ya moto, na iliunguza ulimi, na hilo alilisikia. Lilikuwa jambo dogo sana. Alikunywa chote akiwa anatazama kanga ile, halafu akakirudisha kikombe mkononi mwa Piusi, kitupu, akamwambia aongeze.